Chakula cha mchana cha warsha ya watu 40: jinsi ya kufikia bei isiyokula mtaji wako

"Dada, Jumatano tuna warsha ya watu arobaini hapa Mikocheni. Sahani unafanya bei gani?"

Simu kama hiyo huingia ukiwa sokoni au kwenye daladala, na anayepiga anataka jibu hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalitoa. Nilipiga hesabu ya kichwani: chakula cha mtu mmoja kinanigharimu kama 7,000, nikisema 12,000 nabaki na 5,000, mara arobaini ni laki mbili. Kazi ilikwenda vizuri, watu walikula wakasifia, na jioni nilipomaliza kulipa wenye vyombo, wenye gari na wasichana walionisaidia, nilikuta nimetoa hela mfukoni mwangu. Kosa halikuwa kwenye bei ya kuku. Kosa lilikuwa kuanza na sahani.

Siku hizi naanza na kazi nzima: kila shilingi itakayotoka tangu sokoni mpaka sahani ya mwisho irudi imeoshwa. Kugawa kwa idadi ya watu kunakuja mwisho kabisa. Nitakupitisha kwenye kazi moja ya namna hiyo. Jiko liko Tabata, ukumbi uko Mikocheni, chakula kinaliwa saa saba mchana kwa mtindo wa bafe. Bei ni nilizoweka kwenye daftari langu kwa mfano huu. Wewe weka za wiki yako, kwa sababu mchele wa msimu wa mavuno si mchele wa Februari.

Kwanza hesabu midomo

Aliyepiga simu amesema arobaini. Muulize: hao arobaini ni washiriki tu, au na waandaaji wamo? Madereva je? Kwenye warsha za taasisi huwa kuna dereva mmoja au wawili wanaokaa nje kwenye gari, na saa saba ikifika wataingia kwenye foleni kama wengine. Ongeza mlinzi wa ukumbi na wahudumu wako wawili, ambao hawawezi kusimama mbele ya pilau tangu asubuhi wakaondoka na njaa. Mimi kwa arobaini napika kwa watu 45. Anayelipiwa ni arobaini, wanaokula ni arobaini na tano, na hiyo tofauti lazima iwe ndani ya bei.

Uliza pia kama kuna asiyekula nyama, na kama kuna mwenye kisukari. Hapo hubadilishi bei, unabadilisha chungu: maharage yasiunganishwe na supu ya nyama, basi.

Chakula chenyewe

Menyu ya mfano: pilau ya nyama, wali mweupe, kuku wa rosti, maharage ya nazi, mchicha, kachumbari, tikiti na ndizi, na maji ya chupa.

Mchele nakadiria gramu 150 kwa mtu kabla ya kupikwa. Kwa watu 45 ni karibu kilo 7. Kilo 4 zinakwenda kwenye pilau, 3 kwenye wali mweupe. Pilau huisha kwanza siku zote, hata kwa wale waliosema wanajali afya. Nyama ya pilau kilo 2 inatosha maana kuku yupo.

Kuku ndiye anayebeba bajeti, kwa hiyo huyu namhesabu kwa vipande, si kwa uzito. Kuku wa kisasa mmoja anatoa vipande 8. Kila mtu vipande viwili, watu 45, ni vipande 90. Kuku 12 wananipa 96. Vile sita vya ziada ni vya kipande kitakachovunjika na cha mgeni rasmi atakayeletwa bila taarifa. Lakini hesabu hiyo inasimama kama tu mhudumu ndiye anayepakua kuku. Ukiwaacha watu wajipakulie, wa kwanza kumi watachukua vitatu vitatu, na watu wa mwisho kwenye foleni, mara nyingi walioandaa warsha na ndio watakaokupa kazi nyingine, watakuta mchuzi.

Mchele, nyama na kuku vinakuja 147,000 (mchele 3,000 kwa kilo, nyama 12,000, kuku 8,500). Maharage kilo 2, nazi 6 na mchicha mafungu 15 ni 23,500. Nyanya, vitunguu, karoti, hoho, ndimu, mafuta lita 3 na viungo vya pilau ni 52,000. Matikiti 3, ndizi 50 na maji katoni 4 za chupa kumi na mbili ni 45,000. Jumla 267,500. Mimi naandika 280,000, kwa kuwa hakuna siku nimekwenda soko la Ilala nikarudi na hesabu ileile niliyokwenda nayo. Nazi mbili zitakuwa mbovu na nyanya zitakuwa zimepanda.

Umeona 280,000 ukigawa kwa arobaini inakuja 7,000? Ni ileile hesabu yangu ya kichwani. Kwenye chakula nilikuwa sahihi. Niliyoyasahau ni haya yanayofuata.

Moto

Wengi huandika "gesi" halafu wanaweka namba yoyote, 10,000 au 20,000. Hakuna haja ya kubahatisha, gesi inapimika. Tafuta mizani ya kuning'iniza. Pima mtungi kabla ya kuwasha jiko, andika, kisha pima tena sufuria ya mwisho ikishuka. Tofauti ndiyo gesi uliyotumia. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo ukiutoa unajua pia kilichobaki, jambo linalosaidia zaidi kuliko kuutikisa mtungi na kusikiliza.

Kwa menyu hii, kwa majiko matatu makubwa, mimi hutumia kama kilo 3 na nusu. Mtungi wa kilo 15 nikiujaza kwa 60,000, kilo moja ni 4,000, hivyo gesi ya kazi hii ni 14,000. Mla gesi mkubwa ni maharage. Yakilala ndani ya maji usiku kucha yanaiva mapema sana kuliko yakiingia chunguni makavu, na hiyo ni akiba isiyohitaji fedha. Naongeza mkaa wa 5,000 wa kupalia pilau juu ya mfuniko na kuweka vitu vya moto wakati gari linasubiriwa.

Halafu kuna moto wa pili ambao wageni kwenye kazi hii huusahau: vikopo vya moto wa jeli vinavyokaa chini ya vyombo vya bafe. Vyombo vitano, vikopo vitano, 2,500 kila kimoja, ni 12,500. Usiviruke. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi joto 60, na kisikae saa mbili nzima kwenye joto la kawaida. Kwa joto la Dar mchicha wa nazi ndio utakaoanza kuchacha, na dalili yake ni mapovu madogo pembeni na harufu ya uchachu ukifunua. Ukiyaona hayo, chombo hicho hakipandi mezani, hata kama mteja amesimama mlangoni anakuangalia.

Moto wote: 31,500. Na mtungi wa akiba lazima uwepo, hata ule mdogo wa kilo 6. Haugharimu kitu usipotumika. Mimi niliwahi kuishiwa saa nne asubuhi, maharage yako nusu, duka la gesi la jirani halijafunguliwa, nikamtuma kijana wa bodaboda akazunguka mpaka Segerea. Nauli yake pekee ilizidi bei ya gesi niliyokuwa naihitaji.

Watu, na wewe ukiwemo

Mpishi mkuu ni mimi, na najilipa 35,000 kama ambavyo ningemlipa mtu mwingine. Hapa ndipo wenzangu wengi hunibishia: "Si faida ni yangu?" Faida ni ya biashara, ujira ni wa mikono. Siku ukiumwa ukalazimika kumweka mpishi mwingine, atataka hiyo 35,000, na kama haimo kwenye bei utaitoa wapi?

Wasaidizi wawili jikoni, 15,000 kila mmoja. Wahudumu wawili ukumbini, nao 15,000 kila mmoja. Mmoja anapakua kuku, mwingine anaangalia vyombo na kukusanya sahani chafu, nami nasimama kwenye pilau. Mmoja wa wasaidizi anabaki kuosha vyombo jioni, namwongeza 5,000. Nauli za wasaidizi wanaotoka nyumbani alfajiri, 6,000. Jumla ya watu: 106,000.

Sahani na vyombo

Kukodi seti ya mtu mmoja, yaani sahani, kibakuli cha matunda, kijiko na uma, naweka 600. Nakodi seti 50, si 45, kwa sababu kuna anayerudi mara ya pili na sahani mpya mkononi. Hiyo ni 30,000. Vyombo vya bafe vitano kwa 8,000 ni 40,000. Tishu, vijiti vya meno na sabuni ya kuoshea, 12,000. Jumla 82,000.

Kama vyombo ni vyako, usiandike sifuri. Weka bei ileile ya kukodi. Sahani zinapasuka, vijiko vinapotea kwenye mikoba, na hicho unachojitoza ndicho kitakachonunua seti nyingine mwakani. Kama ni vya kukodi, vihesabu mbele ya mwenye duka wakati wa kuchukua, geuza kila sahani uangalie nyufa, na piga picha. Aliyekukodisha akikuta ufa jioni, sahani ni yako na utailipa.

Usafiri

Kutoka Tabata hadi Mikocheni unapita Mandela mpaka Ubungo, unashika Sam Nujoma mpaka Mwenge. Bila foleni ni safari fupi. Lakini bei ya gari haihesabiwi kwa umbali, inahesabiwa kwa muda utakaomshikilia dereva. Kirikuu naipatana hivi: anapeleka, anashusha, anakwenda kutafuta riziki nyingine, anarudi saa tisa kuchukua vyombo. Kwa mpango huo ni 60,000 kwenda na kurudi. Ukimwambia "subiri tu hapo", atakutoza siku nzima, na ana haki.

Patana kurudi siku hiyo hiyo ya kupatana kwenda. Ukiliacha la kurudi mpaka saa tisa, umesimama Mikocheni na masufuria matupu, dereva yeyote atakusoma usoni.

Ongeza bajaji ya kutoka sokoni, 10,000, na 5,000 ya bodaboda ya dharura, maana daima kuna kitu kimesahaulika, kwangu huwa ni chumvi ya kachumbari. Jumla 75,000. Mimi huondoka jikoni saa nne na nusu kwa chakula cha saa saba. Majirani huniona mwoga. Lakini nikifika mapema nasubiri tu, na nikichelewa kwenye foleni ya Ubungo watu arobaini wanakaa wakiangalia mlango.

Kujumlisha na kuweka faida

Chakula 280,000, moto 31,500, watu 106,000, vyombo 82,000, usafiri 75,000. Naongeza 10,000 ya vocha, kuchapa profoma na mambo ya ofisi. Inakuja 584,500. Juu yake asilimia 5 ya dharura, kama 29,000. Gharama kamili ni 613,500.

Sasa irudie bei yangu ya zamani: 12,000 mara 40 ni 480,000. Hata ukiondoa dharura na ofisi, pungufu ni zaidi ya 94,000. Chakula ni chini ya nusu ya gharama ya kazi hii.

Faida nataka asilimia 20 ya kinachoingia. Usichukue gharama ukaongeza asilimia 20. Ukifanya hivyo unapata 736,200, na faida yako, ukiipima dhidi ya bei hiyo, ni kama asilimia 17 tu. Gawa gharama kwa 0.8:

```
613,500 / 0.8 = 766,875
766,875 / 40  = 19,172
```

Naandika 19,500 kwa mtu, jumla 780,000. Dharura isipotokea, ile 29,000 inaongeza faida. Ikitokea, faida haiguswi.

Idadi ikipungua

Hapa ndipo bei ya sahani inapokudanganya. Tuseme siku mbili kabla mteja anakupigia kwamba watakuwa 28. Chakula kitashuka, seti za sahani zitashuka kidogo, lakini kirikuu ni ileile, wasichana ni walewale, vyombo vya bafe ni vitano vilevile na maharage yatachemka muda uleule. Nikiipiga upya gharama inakuwa kama 525,500. Yeye atalipa 28 mara 19,500, yaani 546,000. Faida ya siku tatu za kuhangaika ni 20,500. Na akikwambia asubuhi ya siku yenyewe, kuku wameshachinjwa, gharama imebaki 613,500 na umeingia hasara ya 67,500.

Kwa hiyo kwenye profoma naandika maneno haya, kwa herufi za ukubwa uleule wa bei:

"Bei ni 19,500 kwa mtu kwa watu 40. Idadi ya chini itakayolipiwa ni 35. Mabadiliko ya idadi yapokelewe saa 48 kabla ya chakula. Baada ya hapo idadi iliyothibitishwa italipiwa yote. Malipo ya awali asilimia 60."

Asilimia 60 haikutoka hewani. Soko, vyombo, gesi na malipo ya awali ya gari vinataka kama laki nne kabla mtu hajala. Asilimia 60 ya 780,000 ni 468,000. Ukikubali asilimia 30, unamkopesha mteja, na kama ni taasisi inayolipa baada ya mwezi, mtaji wako umekaa kwake wakati kazi nyingine inakupita.

Kabla ya kuituma profoma, ongea na mhasibu wao. Uliza kama wanataka risiti ya EFD na kama watakata kodi ya zuio. Wakikata asilimia 5, kwenye 780,000 utapokea 741,000. Ile 39,000 haikupotea, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato, mradi wakupe cheti cha zuio. Usiondoke bila hicho cheti. Kama umesajiliwa VAT, iongeze kwa mstari wake peke yake, kwa asilimia 18 ni 140,400, usiichanganye ndani ya bei ya sahani. Kama hujasajiliwa, usiiandike kabisa.

Mteja akisema bajeti yake ni 15,000

Atasema. Karibu wote husema. Wa kwanza anayekuja akilini kukatwa ni kuku: tumpunguze, tuweke kipande kimoja. Mimi kuku simgusi. Nafungua daftari kwenye kurasa za chini.

Nikiondoa bafe na kuleta chakula kimefungwa kwenye maboksi, vyombo vya bafe vinaondoka (40,000), vikopo vya jeli vinaondoka (12,500), seti za kukodi zinaondoka (30,000), wahudumu wawili wanaondoka (30,000), na ile 5,000 ya kuosha pia. Badala yake nanunua maboksi 45 pamoja na vijiko vyake kwa 600, ni 27,000. Kwa kuwa hakuna vyombo vya kurudisha, kirikuu ya 60,000 inakuwa bajaji ya kwenda tu kwa 25,000, nami nakaa nyuma nimeshikilia maboksi. Tikiti linabaki sokoni, hela yake inakwenda kwenye ndizi zaidi na machungwa, vitu visivyovuja.

Gharama inashuka hadi 459,000. Ukiongeza dharura inakuwa kama 482,000. Gawa kwa 0.8, gawa kwa arobaini: kama 15,060.

Namjibu mteja: kwa 15,000 utapata pilau ileile, vipande vilevile viwili vya kuku, lakini ndani ya boksi, saa saba kamili, na nyinyi mtagawa wenyewe. Kwa 19,500 tutapanga meza, tutapakua na tutaondoka na vyombo vichafu. Wengine huchagua boksi. Wengine hukaa kimya kidogo kwenye simu, halafu husema, "Dada, mkurugenzi atakuwepo siku hiyo. Weka bafe."